Gurudumu Lililosimama Huku Linazunguka

Sabiha wa Bi Mboni alirudi Nguvumali, mtaani kwetu Tanga, na sanduku lake la bati mwaka ule chuo chao cha ufundi kilipofungwa kwa mgomo wa wanafunzi. Alikuwa anasomea umeme na redio. Mtaa mzima ulijua, maana mama yake alihakikisha tunajua, hata wale ambao hatukuuliza. Msichana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukutazama mdomoni unaposema. Watu wengine walimwona ana kiburi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa mtu asiyependa kuitikia jambo kabla halijamwingia.

Na liko jambo moja la darasani lililokuwa limekataa kumwingia. Mwalimu wake, Laurenti, alichora ubaoni wimbi linalopanda na kushuka mbiombio, akaweka vitone hapa na pale juu yake, kisha akaunganisha vile vitone kwa chaki nyekundu. Likatoka wimbi jingine kabisa, la polepole, la uongo. Akasema ukipima kitu chenye mwendo kwa kukichungulia mara chache kuliko inavyotakiwa, utapata sura isiyo yake. Kwa Kiingereza hali hiyo aliiita aliasing. Sabiha akanakili, akajibu mtihani, akapasi. Lakini mwenyewe alisema ni kama kuhifadhi dua bila kujua maana yake: unaisoma, watu wanaitikia amina, nawe ndani mtupu.

Sasa mashine. Bi Rahila, mjane wa fundi cherehani, alikuwa na banda la kusaga na kukoboa pale nyuma ya msikiti. Miaka ya shida, tulipokuwa tunapanga foleni ya sabuni na kusaga kwenye mashine ya ushirika iliyokuwa mbovu siku zote, hakuna aliyemwona Bi Rahila kuwa mtu. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, kila mwenye ndugu Dubai akawa tajiri, naye akaletewa mota mpya ya umeme na taa mbili za tyubu, zile ndefu nyeupe zinazomfanya kila mtu aonekane maiti. Hiyo mota ilikuwa na gurudumu la chuma lenye mikono minne, Bi Rahila akalipaka rangi nyeupe lipendeze. Mkanda ulitoka kwenye gurudumu ukaenda kuzungusha mashine ya kusaga. Pembeni kulikuwa na mashine ya kukoboa ya dizeli, inayonguruma hata ukimwita mtoto wako hasikii.

Msagaji wa kwanza alikuwa Soud, mtu wa Pemba, mpole, aliyekuja Tanga kwa biashara ya karafuu akaoa huku. Siku moja ya mvua, saa za magharibi, mkanda ulichomoka. Mashine ya kusaga ikanyamaza, dizeli inanguruma, taa za tyubu zinawaka. Soud akaenda kuurudisha mkanda. Ukelele wake ulisikika hata juu ya dizeli. Kiganja chote cha mkono wa kulia, mpaka kwenye kifundo, kikaenda.

Alipozinduka hospitali ya Bombo alisema neno moja tu kwa kila aliyekwenda kumtazama:

"Lilikuwa limesimama. Wallahi nililiona limesimama."

Wakamwambia alikuwa na usingizi. Akasema lilikuwa limesimama, tena lilikuwa linajirudisha nyuma pole pole, kama mtu anayekukwepa.

Basi hapo mdomo wa mtaa ukafunguka. Bi Rahila amefuga jini. Utajiri ule si wa Dubai, ni wa damu. Kila mwaka atataka mtu. Na wanawake waliosimama foleni na ndoo zao wakaanza kulichungulia gurudumu, nao wakaona: jioni taa zikiwashwa, mikono ile minne nyeupe inarudi nyuma, na huku mkanda unakwenda mbele! Mimi mwenyewe nililiona. Nilishika ndoo yangu ya mahindi nikaenda kusaga mbali, Usagara, na mguu uliniuma wiki nzima.

Bi Rahila alipoona wateja wanakimbia, akamleta Mzee Jumbe, mganga kutoka huko juu milimani, njia ya kwenda Amani. Mzee Jumbe alizunguka banda, akanusa, akapiga chafya, akasema jini ameingilia dirishani na anapumzika mchana kwenye jua. Madirisha yazibwe. Wakayagongelea magunia kwa nje, madirisha yote mawili. Toka siku hiyo banda likawa giza, taa za tyubu zikawa zinawaka kuanzia asubuhi. Na gurudumu, lililokuwa linarudi nyuma jioni tu, likawa linarudi nyuma kutwa nzima.

"Mnaona?" akasema Mzee Jumbe. "Amefungiwa humo ndani. Sasa ana hasira."

Aliyechukua kazi ya Soud alikuwa Haidar, kaka yake Sabiha. Kazi hakuna, kiwanda alichokuwamo kimefungwa, akaona bora jini kuliko njaa. Lakini alikonda. Usiku akilala mkono wake wa kulia anaulalia chini ya ubavu, kama mtu anayeficha kitu kisiibwe.

Sabiha alikwenda bandani mara ya kwanza na ndoo ya mama yake. Akasimama mbele ya gurudumu muda mrefu mpaka watu wakaanza kunong'ona. Akamuuliza Haidar, "Kaka, likirudi nyuma, unga unatoka au hautoki?"

"Unatoka."

"Basi halirudi nyuma."

"Macho yangu yana nini, dada? Na yako? Unaona nini pale?"

Akalitazama tena. Alikuwa anaona linarudi nyuma. Hilo ndilo lililomtia hofu: yeye na masomo yake yote alikuwa anaona walichoona wao. Siku zile akawa halali vizuri. Aliniambia baadaye kwamba hakuogopa jini, aliogopa kwamba hana la kuweka mahali pa jini. Kusema tu "si kweli" hakumtoshi mtu aliyekatwa mkono.

Kisha Mzee Jumbe akatoa dawa ya mwisho. Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Haidar atavua mkanda, mota iachwe izunguke peke yake. Watasoma, watafukiza ubani. Gurudumu litachoka, litasimama lenyewe. Likisimama, ndipo jini amelala. Haidar atafunga hirizi kwenye mkono mmojawapo wa gurudumu kwa mkono wake wa kulia, ule ule jini anaoutaka. Na swichi isiguswe.

"Ukizima wewe, jini hajalala," alisema Mzee Jumbe. "Umemlaza kwa nguvu. Ataamka na kinyongo."

Sabiha aliposikia alikwenda kwa mama yake jikoni.

"Mama, asiende. Mashine haiwekwi mkono ikiwa na umeme."

"Soud alikatika mkono kwa sababu hakuzindikwa kwa dawa. Huyu anazindikwa."

"Na kama halijasimama?"

"Si litaonekana limesimama? Haidar si kipofu."

"Ami Soud naye hakuwa kipofu, mama."

Bi Mboni akapiga mwiko kwenye sufuria. "Wewe unajua linavyosimama? Niambie basi! Umesoma kwa viazi vyangu nilivyouza, niambie gurudumu linasimamaje na linakwenda!"

Sabiha akatoka jikoni. Bi Mboni naye, aliyeogopa zaidi ya wote, alitaka tu jambo liishe. Ijumaa ile akamtoa binti yake nyumbani kwa kisingizio. "Nenda kwa Tuhfa ukatazame sinema na wenzako. Huku kuna mambo ya watu wazima, nisikuone."

Tuhfa alikuwa jirani mwenye mume baharia, na huyo mume alileta televisheni na deki ya video iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mchana wa Ijumaa sebule yake ilijaa wanawake na watoto, mkeka mzima miguu. Siku ile watoto walishinda kelele, ikawekwa sinema ya wapanda farasi na bastola. Sabiha akakaa karibu na mlango, sikio liko nje, anasubiri kusikia adhana ya alasiri kama mtu anayesubiri hukumu.

Ikaadhiniwa. Ikasaliwa. Kwenye kioo gari la kukokotwa na farasi likatoka mbio, vumbi nyuma, watu wanalifukuza. Magurudumu yake ya mbao yana mikono mingi kama jua linalochorwa na mtoto.

"He! Tazameni gurudumu!" mtoto mmoja akapiga kelele. "Linarudi nyuma!"

"Hata huko Ulaya wana majini," akasema Tuhfa, na sebule nzima ikacheka.

Sabiha hakucheka. Alitazama. Farasi wanakwenda mbele, gari linakwenda mbele, mikono ya gurudumu inarudi nyuma. Kisha mwenye gari akavuta hatamu, farasi wakapunguza mbio. Gurudumu likarudi nyuma kwa kasi zaidi, likachanganyikiwa, mikono ikawa mingi kuliko ilivyo, halafu ghafla likatulia tuli, kama limepigiliwa misumari, na gari bado linakwenda. Mwendo ulipopungua tena, likaanza kwenda mbele kama gurudumu la kawaida.

Akaukumbuka ubao wa Laurenti. Vitone. Sinema si mwendo, ni picha moja, picha moja, picha moja, ishirini na nne kwa sekunde. Baina ya picha mbili, mkono wa gurudumu umekwenda ukafika karibu na pale ulipokuwa mwenzake. Mikono yote inafanana. Jicho haliulizi wewe ni yupi. Linasema huyu ni yule yule, amesogea kidogo tu. Ukifika pungufu kidogo ya mwenzake, jicho linaona umerudi nyuma. Ukifika pale pale, jicho linaona umesimama. Kuchungulia mara chache. Sura isiyo yake.

Lakini bandani hakuna kamera, akajiambia. Mle tunatazama kwa macho yetu. Nani anayechungulia mle?

Ndipo akasimama. Tuhfa anasema alikuwa mweupe kama aliyemwona maiti wake mwenyewe. Alimkanyaga mtoto mkononi, hakuomba radhi, akatoka bila viatu.

Taa. Taa za tyubu. Umeme wetu huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Taa ile huwaka unapokwenda, huwaka unaporudi, na katikati hufifia. Mara mia kwa sekunde. Jicho halijui, linaona mwanga mmoja. Gurudumu lina mikono minne, na mota ya namna ile ikiachwa bila mzigo huzunguka karibu mara ishirini na tano kwa sekunde. Minne mara ishirini na tano. Hakuhitaji kalamu. Kila taa inapowaka, kila mkono umefika karibu kabisa na nafasi ya mwenzake. Mkanda ukiwepo, mota inaelemewa, inachelewa, gurudumu linaonekana kurudi nyuma. Mkanda ukivuliwa, mota inapata nafuu, inakaribia hesabu kamili, na gurudumu linaonekana kusimama.

Na leo mkanda umevuliwa makusudi.

Bandani dizeli ilikuwa inakoboa mpunga, maana Bi Rahila hakuwa mtu wa kufunga biashara kwa ajili ya dawa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, ubani unatoka chini yake. Sabiha akapiga, dizeli ikameza mlio. Akaita, hakuna. Akachungulia kwenye ufa wa mbao. Mwanga mweupe, moshi, Mzee Jumbe midomo inakwenda, Bi Rahila na Bi Mboni wamejifunika ushungi. Gurudumu limesimama. Mikono minne, msalaba mweupe, inajongea nyuma kidogo kidogo kama mshale wa saa mbovu. Na Haidar amepiga goti mbele yake, hirizi iko kwenye vidole, mkono umenyooka, umebakiza urefu wa kiganja.

Sabiha aliniambia kwamba hata kwenye ufa ule, akijua anachojua, jicho lake lilimwambia: limesimama. Hilo halijamtoka mpaka leo.

Akaenda dirishani akalishika gunia kwa mikono miwili, akaning'inia nalo. Misumari ikang'oka, gunia likaanguka naye, na jua la alasiri likaingia bandani lote kwa mkupuo.

Jua haliwaki na kufifia. Msalaba mweupe ukayeyuka. Pale palipokuwa na mikono minne pakawa na ukungu, duara la kijivu linalotetemeka, na vidole vya Haidar viko mbele yake.

Haidar akaanguka kinyumenyume. Bi Mboni akapiga ukunga, huo ukasikika.

"Amemwamsha!" Mzee Jumbe akaruka. "Mtoto huyu amemwamsha!"

Sabiha akaingilia dirishani, magoti yanatoka damu. Chini palikuwa na magunzi. Akaokota moja akalirusha kwenye ule ukungu. Halikudunda. Lilipasuka likatawanyika vipande, kimoja kikampiga Mzee Jumbe kwenye kanzu. Akazima swichi. Polepole, kweli safari hii, ukungu ukapungua, mikono ikatokea, ikahesabika, ikasimama.

"Sasa limesimama," akasema. Akakaa chini akafuta damu magotini.

Mzee Jumbe alikuwa na la kusema, watu wa namna yake hawakosi. Alisema basi jini anakaa kwenye taa. Bi Rahila akamtazama kuanzia kofia mpaka makubadhi.

"Uliniambia anakaa juani, ukanizibisha madirisha. Leo jua limeingia, mtoto wa watu amepona. Mzee wangu, chukua ubani wako uende, kabla sijakuwekea wewe mkono kwenye hiyo mota."

Kabla Mzee Jumbe hajatoka, Sabiha aliwaonyesha. Alifunga gunia tena, akawasha mota bila mkanda, taa za tyubu juu: msalaba umesimama. Akazima taa, akashika chemli pembeni: ukungu. Tyubu: msalaba. Chemli: ukungu. Moto wa mafuta haupepesi macho, alisema, hii ya umeme inapepesa. Bi Rahila alisema astaghfirullah mara nyingi, na kesho yake magunia yakatolewa, ikafungwa globu ya kawaida juu ya gurudumu, na seremala akalitengenezea sanduku la mbao kulifunika. Sabiha alisema hata hivyo, mkono usiende pale mpaka swichi imezimwa, hata ukiliona limesimama.

Mtu angedhani hapo furaha. Bi Mboni alifurahi kwa kulia. Haidar hakufurahi. Jioni alikaa barazani anageuzageuza mkono wake, akamwambia dada yake kwa sauti ndogo:

"Niliusikia upepo."

"Upepo gani?"

"Wa gurudumu. Vidole vilipokaribia, niliusikia unanipiga, wa nguvu. Ngozi yangu ilijua. Nikasema ni pumzi ya jini, amelala, anapumua. Nikausogeza mkono mbele."

Wiki ile Soud alikuja. Tangu atoke hospitali alikuwa haendi harusini wala matangani, kwa sababu ya kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Alikuja bandani saa wateja wamepungua, kigutu cha mkono kimefungwa kwenye kitambaa. Sabiha alikuwepo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa umelijua."

Akamweleza, kwa maneno yale yale, vitone na taa na mikono inayofanana. Soud alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo sikuwa na usingizi."

"Hukuwa na usingizi, ami. Uliona vile vile ambavyo angeona mtu yeyote."

"Na hakuna aliyenitaka."

"Hakuna."

Soud akatikisa kichwa. Nilikuwa mlangoni na ndoo yangu, maana nilisharudi kusaga hapa. Nilidhani uso wake utafunguka. Ulifungika. Mwaka mzima alikuwa amechukuliwa mkono na kitu kilichomchagua yeye kati ya watu wote wa Tanga. Leo anaambiwa hakuna kitu, ni taa imewaka na kufifia.

Akamgeukia Haidar. "Wewe uliusikia upepo?"

Haidar akaitika.

"Mimi pia," akasema Soud. "Sikumwambia mtu. Nilidhani dirisha liko wazi."

Akaomba sanduku la mbao liondolewe, mkanda uvuliwe, mlango ufungwe, madirisha yafunikwe, waizime globu, waziwashe tyubu. Bi Rahila hakutaka. Sabiha akasema mwacheni, akasimama yeye mwenyewe kati yake na mashine. Mota ikashika kasi. Msalaba mweupe ukajitokeza, ukatulia, ukaanza kujongea nyuma kidogo kidogo. Soud akavuta gunia la pumba akakaa, akalitazama kama mtu anavyotazama picha ya marehemu wake.

"Nizime, ami?" Sabiha akauliza, kidole kiko kwenye swichi.

"Bado," akasema Soud. "Bado kidogo."